Netflix kapu moja, benki kila mtu na lake

"Wakuu, nyumbani tuko watano: mimi, mke, vijana wawili wa sekondari na mama mzazi. Nywila za Netflix, YouTube na za benki zimetapakaa kwenye daftari na meseji za WhatsApp. Nataka programu moja ya kuzitunza zote. Nichukue ipi, na naanzaje?"

Mkuu, sisi tunatumia Bitwarden mwaka wa tatu sasa. Ukiwa na mwenzako tu, ya bure inatosha: inaruhusu watu wawili kushirikiana. Kwa watano utahitaji mpango wa Families, unaochukua hadi sita na unalipiwa kwa mwaka. Kama kuna mtu ambaye una hakika atasahau nywila yake kuu, ile moja inayofungua nyingine zote, tazama 1Password ya familia, maana humo msimamizi anaweza kumrejesha aliyesahau. Kwenye Bitwarden ya familia hilo halipo: nywila kuu ikipotea, hata wenyewe hawawezi kukufungulia. KeePassXC ni nzuri na ya bure, lakini ni faili moja. Watu wawili wakilibadilisha kwa wakati mmoja mnaishia na nakala mbili zinazopingana, kwa hiyo kwa familia siipendekezi.

Kabla hujaingiza chochote, tenganisha mambo mawili. Netflix na YouTube ni vya wote, viweke kwenye kapu la pamoja, ambalo kwenye Bitwarden linaitwa Collection. Za benki usizitie humo. Kila mmoja aweke ya kwake kwenye sehemu yake binafsi. Benki nyingi zinakataza kumpa mtu mwingine nywila, na likitokea la kutokea, swali la kwanza utakaloulizwa ni nani mwingine alikuwa nayo. Kama akaunti ni ya pamoja, ombeni benki impe kila mmoja jina lake la kuingilia. PIN ya pesa ya simu ibaki kichwani.

Nywila kuu iwe na angalau herufi 12. Sisi kila mmoja alifungua kamusi bila kutazama, mara tano, akachukua neno moja kila ukurasa. Maneno matano yasiyohusiana hukaa kichwani baada ya siku chache, na ni magumu kuyakisia kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa.

Kisha waalike. Hapa wengi hukwama, hata mimi nilikwama siku mbili. Ukimwalika mtu, anapata baruapepe na anabonyeza kukubali, lakini bado haoni kitu. Lazima wewe urudi kwenye Members, umkute anasubiri, ubonyeze Confirm. Ni hapo ndipo anapopewa ufunguo wa kapu. Kijana wangu alikuwa amekubali tangu Jumamosi, na mimi nikadhani programu ni mbovu.

Jambo la benki linabaki: ukilazwa hospitali, mwenzako atafanyaje? Kuna Emergency access. Mimi nimemweka mke wangu, muda wa kusubiri siku saba, kiwango cha View. Akiomba, mimi napata taarifa na ninaweza kukataa. Siku saba zikipita bila kukataa, anaona nywila zangu. Tulijaribu siku ileile: akaomba, nikaona taarifa, nikakataa. Ila kumbuka, namba ya uthibitisho ya benki inakuja kwenye laini yangu. Nywila bila laini hiyo haimfikishi popote, kwa hiyo anaijua pia PIN ya kufungulia simu yangu.

Mwisho kuna mtego ambao usipoujaribu hutauona. Ukiingia kutoka kwenye kifaa kipya bila kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, Bitwarden inakutumia namba kwenye baruapepe. Sasa kama nywila ya baruapepe yenyewe imo ndani ya Bitwarden peke yake, simu ikiibiwa umejifungia nje: huku unahitaji kule, kule unahitaji huku. Niliugundua nilipochukua simu ya zamani iliyofutwa kila kitu nikajaribu kuingia kana kwamba nimeibiwa. Kwa hiyo tuliwasha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa namba za kuingilia, tukachapisha Recovery code, yaani namba ya akiba ya kuingilia simu yenye programu hiyo ikipotea, na pembeni yake tukaandika kwa kalamu nywila ya baruapepe. Karatasi imo kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja. Nywila kuu haimo.

Rudia jaribio hilo la simu tupu kwa kila mmoja wenu kabla ya kuchoma lile daftari. Mama yangu alishindwa mara ya kwanza. Alikuwa amezoea kufungua kwa kidole hadi nywila kuu ikamtoka, bahati simu yake bado ilikuwa wazi, tukanakili vyake na kumfungulia akaunti upya. Siku hizi kila Jumapili anaiandika mwenyewe, herufi kwa herufi.