Unyayo wangu una tao kubwa, na soli ya bei ghali ndiyo iliyozidi kunitegua

Mara ya nne kuteguka sikuwa hata nakimbia. Nilikuwa nashuka kutoka nyumbani Igogo, hapa Mwanza, kwenye vijia vile vya kupita katikati ya mawe, nimebeba mkoba tu, nawahi daladala ya kwenda Kirumba. Mguu wa kulia ukakanyaga kokoto dogo lisilofika hata ukubwa wa karanga, enka ikalala nje, mimi chini. Jirani aliyeniinua akasema, "Dada, wewe mguu wako una nini? Juzi tu ulikuwa umefungwa bandeji."

Swali lake lilikuwa la haki. Kwa miaka miwili nilikuwa nateguka enka hiyo hiyo, upande ule ule, na katikati ya kuteguka huko kulikuwa na maumivu yasiyoisha kwenye ukingo wa nje wa unyayo, kuanzia chini ya kidole kidogo hadi nusu ya njia ya kwenda kisiginoni. Kazi yangu ni kuandika magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo nasimama kwenye sakafu ya saruji tangu alfajiri. Ikifika saa nne nilikuwa nimeshaegemea nguzo.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na naona wengi wanakosea hivyo hivyo. Tao la unyayo wangu ni kubwa mno. Nikikanyaga sakafu na mguu uliolowa, alama inayobaki ni kisigino, vidole na mwanzo wa vidole. Katikati hakuna kitu, au kunabaki kauzi kembamba upande wa nje. Nikajiambia: kama chini ya tao kuna nafasi wazi, basi dawa ni kuijaza. Nikanunua soli za ndani za plastiki ngumu, zenye mgongo uliopanda katikati, kwa pesa ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mume wangu husoma. Muuzaji alisema zinafaa "matatizo yote ya unyayo". Wiki mbili baadaye maumivu ya nje yaliongezeka, na ile ya nne ikatokea nikiwa nimezivaa.

Sababu nilikuja kuelezwa na kijana wa fiziotherapia, tena kwa kipande cha ubao. Soli za namna ile zimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye unyayo bapa. Mguu wa mwenye unyayo bapa huangukia ndani, kwa hiyo mgongo ule unamnyanyua upande wa ndani na kumrudisha katikati. Mimi mguu wangu tayari umeegemea nje. Ukininyanyua upande wa ndani, unanisukuma kule kule ninakoangukia.

Kuhusu ubao. Aliniambia nisimame bila viatu, akatazama visigino vyangu kwa nyuma. Cha kulia kilikuwa kimeinamia ndani kwa chini, kama mlango uliolegea bawaba. Kisha akaleta ubao wenye unene wa sentimita 2 na nusu hivi. Kisigino changu na upande wote wa nje wa unyayo vikawa juu ya ubao, lakini ile sehemu ya mbele iliyo chini ya kidole gumba akaiacha ining'inie nje ya ubao ili ishuke hadi sakafuni. Akarudi nyuma, akapiga picha kwa simu yangu, akanionyesha. Kisigino kilikuwa kimesimama wima.

"Umeona, dada?" akasema. "Kisigino chako hakina kosa. Kinachokuangusha ni kidole gumba."

Maelezo yake yalikuwa hivi. Kwa watu wengi wenye tao kubwa, mfupa mrefu unaoishia kwenye kidole gumba umeshuka chini kupita wenzake. Ukikanyaga, sehemu hiyo inagusa ardhi mapema, na kwa kuwa unyayo ni mgumu, hautanuki wala kulala, basi mguu mzima unapinduka kuelekea nje ili upande wa kidole kidogo nao ufike chini. Ni kama meza ambayo mguu wake mmoja ni mrefu. Uzito wote unahamia ukingo wa nje, na zile kano mbili zinazopita nyuma ya kifundo cha nje, ambazo kazi yake ni kuzuia enka isilale, zinavutwa kutwa nzima. Kokoto la Igogo lilikuja kumalizia tu.

Unaweza kujaribu nyumbani kwa kipande cha mbao kilichonyooka, ila mtu mwingine akupige picha, simu ikiwa chini usawa wa kisigino. Ukijiinamisha mwenyewe kutazama, mguu unageuka na jibu linakuwa la uongo. Kisigino kikinyooka, soli ya kurekebisha itakusaidia. Kikibaki kimeinama vile vile, ujue kimekakamaa, na hapo kukilazimisha kwa soli ni kuhamishia maumivu kwingine. Utakachopata ni ulaini wa kupunguza mshindo na kifaa cha kushika enka, mengine ni ya daktari wa mifupa.

Nikatoka pale nimechorewa karatasi. Nikaipeleka kwa fundi viatu wangu wa Mlango Mmoja, mzee anayekaa pembeni ya wauza mitumba. Akaigeuza karatasi mara tatu. "Mayo, hii kazi ya nusu saa," akasema, na ilichukua mchana mzima.

Kwanza aling'oa soli ya ndani iliyokuja na raba, kwa sababu ukiweka mpya juu yake kisigino kinapanda na kiatu hakishiki tena enka. Akaitumia kama kipimo kukata sponji laini ya unene wa milimita 5. Kisha nikapaka unga wa mkaa chini ya fundo la kidole gumba, nikakanyaga ile sponji ndani ya kiatu, na doa jeusi likatuonyesha fundo linapotua hasa. Hatua hii usiiruke. Mimi ningekisia, ningekosea kwa upana wa kidole kizima.

Kilichofuata ndicho chenye kazi. Alichukua ndala kuukuu yenye sponji ngumu, akalowesha kisu kwenye kopo la maji ya sabuni, akaipasua ubapa mpaka akapata kipande cha milimita 4. Kipande hicho akakibandika chini ya ile sponji laini, upande wa nje wa mbele, kuanzia chini ya kidole kidogo mpaka kidole kinachopakana na gumba, na kikaishia hapo. Chini ya doa la mkaa hakuweka kitu, ili kidole gumba kiwe na shimo lake la kushukia. Ule ubao wa sentimita 2 na nusu ulikuwa wa kipimo tu. Ndani ya kiatu huwezi kuweka hata robo yake. Kingo zote akazichonga zikawa mteremko, maana ukiacha ngazi utaisikia kwa kila hatua. Kisiginoni akaongeza milimita 4, pana sawasawa kulia na kushoto, kwa kuwa misuli ya nyuma ya mguu wangu imebana na kisigino kikinyanyuliwa kidogo mbele inapumua. Katikati, chini ya tao, aliweka sponji laini tu inayogusa ngozi bila kusukuma.

Nilizivaa saa moja siku ya kwanza, nikaongeza saa moja kila siku. Maumivu ya nje yalianza kupungua katika wiki ya pili. Upande wa kushoto fundi alikuwa ameweka unene ule ule, nikaanza kusikia goti likilalamika kwa ndani. Tukapunguza mpaka milimita 2 likanyamaza. Kumbe miguu ya mtu mmoja si lazima ilingane.

Kuhusu kiatu chenyewe, kwa wanaochagua mitumba: kiweke mezani, kitazame kwa nyuma. Kikiwa kimeegemea upande wowote, kirudishe, hata kama ni kizuri namna gani. Halafu bonyeza soli ya pembeni kwa kidole, upande wa ndani na upande wa nje. Baadhi ya raba za kukimbilia zina sponji ngumu zaidi upande wa ndani, mara nyingi ya rangi ya kijivu. Hizo ni za unyayo bapa na zitakutegua. Unataka pande zote mbili zibonyee sawa. Na usidanganyike na zile raba nene laini kama godoro. Nilinunua moja, nilipoivaa nilijisikia malkia, lakini baada ya mwezi upande wa nje ulikuwa umedidimia na mimi nimedidimia nao. Ulaini tunauhitaji, kwa sababu unyayo mgumu haumezi mshindo, ila ukae juu ya soli pana isiyoyumba.

Soli haifundishi enka iliyokwisha kulegea. Kwa hilo nafanya mazoezi mawili: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 mara tatu, karibu na ukuta, na kusukuma unyayo kuelekea nje dhidi ya tyubu ya baiskeli niliyoifunga kwenye mguu wa kitanda. Naviringisha hesabu za dagaa kichwani huku nikisimama. Miezi sita ya kwanza nilivaa pia kifaa cha kushika enka kila niliposhuka mawe.

Kuna hali ambazo usimpelekee fundi. Ukiteguka kisha ukashindwa kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa ule uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au nyuma ya kifundo, ukasikia maumivu makali, nenda kapige eksirei. Mfupa wa kidole kidogo huvunjika kwa ajali hii hii na watu huupaka dawa ya kuchua wiki nzima. Na kama tao limeongezeka ukubwani, au ni mguu mmoja tu, au unajikwaa vidole, unasikia ganzi, mikono inakosa nguvu, au nyumbani kwenu kuna wengine wenye miguu hiyo, mwombe daktari akupime neva. Tao kubwa wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa wa neva, na mimi nilipimwa kabla ya kuruhusiwa kuchonga chochote.

Sponji ya ndala inachoka. Yangu hudumu miezi minne hivi. Naibonyeza kwa dole gumba, isiporudi naenda Mlango Mmoja. Mzee ameitunza ile karatasi, ameikunja ndani ya boksi la gundi, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino: "Mama Dagaa, kulia 4, kushoto 2."