Nimepewa ED ya siku tatu, bosi nimwandikie nini?

"Wakuu, daktari kanipa ED siku 3 na mhasibu ni mimi. Niandikeje meseji bosi asinipigie simu kila saa nikiwa kitandani?"

Mkuu, pole. Simu za bosi mara nyingi zinatokana na meseji ya "bosi leo naumwa sitafika", maana hajui unarudi lini wala nini kitakwama.

Anza na tarehe. ED ikiandikwa kuanzia leo, leo ni siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanakosea. Ya Jumanne tarehe 5 inaisha Alhamisi tarehe 7, unaripoti Ijumaa tarehe 8. Ukianza kuhesabu kesho, hiyo Ijumaa utaandikwa mtoro.

Halafu zichuje kazi: weka tu zile ambazo tarehe yake inaangukia humo ndani. Kwa mhasibu, PAYE ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 7, ikichelewa ni faini. VAT ni tarehe 20, iache, utaikuta. Ukimwaga kazi kumi, ile moja ya kufa na kupona hataiona.

Mfano:

"Habari za asubuhi bosi. Naumwa, nimepewa ED ya siku 3, kuanzia leo Jumanne tarehe 5 hadi Alhamisi tarehe 7. Picha yake hii hapa. Natarajia kurudi Ijumaa tarehe 8; nisipopata nafuu nitakujulisha Alhamisi kabla ya saa 9 alasiri. Cha haraka ni kimoja: PAYE, mwisho Alhamisi. Hesabu nimemaliza, faili lipo kwenye folda ya Mishahara. Bado kuwasilisha ritani, kupata namba ya malipo na kulipa. Mhasibu msaidizi amekubali kufanya. Naomba uidhinishe malipo benki kesho. Mengine yanasubiri. Simu nitaishika saa 6 mchana."

Hapo kwenye "amekubali", ongea naye kwanza. Ukimtaja bila kumwambia, bosi atamuuliza, atashangaa, na simu itarudi kwako.

Ugonjwa wenyewe si lazima kuutaja. ED ndiyo usiache kutuma: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Nakala halisi itunze, uikabidhi utumishi ukirudi.

Tuma kwa bosi mwenyewe kabla ya saa ya kuingia kazini, si kwenye grupu la ofisi, ambako inafunikwa na salamu za asubuhi. Isiposomwa ndani ya nusu saa, piga. Kisha maneno yaleyale yapeleke kwa barua pepe, nakala kwa utumishi, maana Wasap ya bosi hufutika.

Wakikuomba nywila ya benki au ya mfumo wa TRA, usitoe. Msaidizi afunguliwe akaunti yake. Kitakachoingizwa kwa jina lako ukiwa kitandani utakijibu wewe.