Tuliuvumbika, hatukuuzima

Betri ya baiskeli yangu ya umeme iliwaka mara mbili usiku mmoja, hapa Malindi, na mara ya pili ndiyo iliyochukua paa la makuti la banda.

Mara ya kwanza ilikuwa saa tatu usiku. Nilisikia mlio kama soda inayofunguliwa taratibu, kisha moshi mweupe ukatoka chini ya kiti. Nikadhani ni mvuke. Kumbe ni gesi, na inashika moto: kabla sijafika mlangoni ikawaka. Nikazima swichi kuu ya umeme, majirani wakaja na mchanga, tukamwaga karai baada ya karai mpaka ndimi zikapotea. Mzee mmoja akanigusa bega, "Ushazima huo, mwanangu, kalale." Kama dakika arubaini baadaye ukalipuka tena, na seli zikaruka juu kama fataki.

Nyumbani kwetu, mama alikuwa akitaka makaa yafike asubuhi huyafukia kwa majivu. Huko ni kuvumbika moto. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Mchanga uliondoa ndimi lakini ukalitunza joto ndani kama blanketi. Afadhali hata makaa, maana yale yanahitaji hewa. Seli ya lithiamu ikishapanda joto hujitia moto yenyewe. Kwenye nyuzi 130 hivi, ile ngozi nyembamba ya plastiki inayotenganisha pande zake mbili huyeyuka, pande zikagusana, joto likapaa. Kwa seli za aina nyingi za baiskeli, karibu na nyuzi 200 upande wa chanya huanza kuachia oksijeni yake wenyewe. Ukifunika kwa mchanga, blanketi au poda ya mtungi wa kuzimia moto, kinachoendelea ndani hakikuulizi hewa.

Sasa hesabu majirani zake. Betri yangu ya volti 48 ilikuwa na seli 52, vikundi 13 vya seli nne nne, zimebanana kama dagaa. Asubuhi nilipotenganisha mabaki, zile za pembe moja zilikuwa zimepasuka vichwa na kubaki maganda meusi. Hizo ndizo za mwanzo. Wakati sisi tunapongezana uani, joto lao lilikuwa likitambaa kwa zilizofuata, ambazo bado zilikuwa nzima na zimejaa chaji. Moto wa pili haukuwa wa zile zilizoungua. Ulikuwa wa jirani zao.

Chanzo nilikinunua mwenyewe, kwa ubahili. Betri ilipochoka nilimpa fundi aiunde upya kwa seli kuukuu za laptopu, na ule ubao mdogo wa kulinda seli akauruka kwa waya kwa kuwa "unakata chaji mapema". Ulikuwa unakata kwa sababu! Chaja huona jumla tu, volti 54.6, yaani 4.2 kwa kila kikundi. Kikundi kichovu hujaa kabla ya wenzake. Vikundi 12 vikiwa kwenye 4.15, jumla yake ni 49.8, na ili chaja itosheke kile cha kumi na tatu lazima kifike 4.8. Chaja inaona sawa, seli inapikika.

Siku hizi nafanya hivi. Simu au pawabanki ikivimba siichaji tena wala siitoboi, naitoa nje mbali na vitu vya kuungua. Ikiwaka, nakata umeme, namwaga maji mengi, kisha kwa koleo ndefu naitia kwenye ndoo ya maji uani na kuiacha humo mpaka kesho yake. Maji hapa kazi yake ni kupoza. Yawe ya bomba au kisima. Ya bahari hupitisha umeme vizuri mno na yanaweza kuunganisha ncha mbili za betri. Betri ya baiskeli ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, sihangaiki nayo: watu wote nje, mlango ufungwe, wazima moto waitwe. Moshi ule una sumu inayochoma mapafu, na ukijaa chumbani unaweza kulipuka.

Na ukishaona ndimi zimepotea, mwagia maji kisha tazama ganda. Sehemu inayokauka haraka kuliko nyingine, chini yake kuna seli inayopanda joto. Ukisikia mlio wa soda, rudi nyuma kwanza, kisha maji tena kwa mbali. Sisi mchanga ulituziba macho na masikio, hatukuona wala kusikia chochote mpaka makuti yalipokuwa yanawaka.

Baiskeli ninayo nyingine. Naichajia uani, mchana, nikiwa macho.