Maswali Yenu: Kusoma Ukiwa Zamu ya Usiku

Natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nisome kwanza, maana nyumbani bado kimya? – Bawabu, Likoni

Lala kwanza. Uliyoyasoma jana yanakaa kichwani ukiwa usingizini, na usingizi ukiuchelewesha hadi saa nne, mabati yameshapata moto na mwili nao umeamka. Utajigeuza kitandani hadi saa saba, uamke na kichwa kizito.

Ukishuka feri vaa kofia, kwa sababu mwanga wa asubuhi unauambia mwili kumekucha. Kunywa uji, na saa mbili uwe kitandani: pazia zito, feni, simu imezimwa. Amka saa nane, oga, ule. Kuanzia saa tisa soma dakika 40, pumzika 10, kisha soma 40 tena. Halafu jilaze dakika 20 kabla ya kurudi feri.

Wala usikariri kurasa. Funga kitabu uandike unachokumbuka, kwa mfano yanayoingia kwenye daftari la matukio: saa, mahali, nani alihusika, nini kilitokea, ulichukua hatua gani, ulimwarifu nani. Ukifungua tena, ulilolisahau ndilo somo la kesho.

Wodi ikitulia saa kumi alfajiri nasoma, lakini sikumbuki kitu. – Muuguzi, Changamwe

Sista, umechagua saa mbaya kuliko zote. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili limeshuka na akili imepoa, hata kama macho yako wazi. Jipime: umeandikiwa gentamisini miligramu 60, na kichupa kina miligramu 80 kwenye mililita 2. Jibu ni mililita 1.5. Fanya hesabu kama hiyo saa nne usiku, kisha nyingine alfajiri, uone ipi inakuchelewesha.

Kama mkuu wa zamu anaruhusu, jiulize maswali machache saa nne, dawa za jioni zikishatolewa. Alfajiri acha kitabu, na kila dozi mwenzako aihakiki. Mgonjwa asilipie mtihani wako.

Kahawa au muguka, kipi bora?

Swali hili mmeliuliza mno. Muguka achaneni nao: utakesha, na asubuhi usingizi hauji. Kahawa ya mwisho iwe saa saba usiku, kwani baada ya muda wa saa tano hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Mtihani ni saa tatu asubuhi, nami natoka zamu siku hiyo hiyo. Nitaweza?

Usijaribu. Tarehe ikitangazwa tu, tafuta wa kubadilishana naye, mwandikie msimamizi na ubaki na nakala. Omba usiku mbili za kulala nyumbani kabla ya mtihani, maana usiku wa kwanza baada ya zamu wengi huamka saa nane za usiku na usingizi ukakatika. Ukikubaliwa usiku mmoja tu, siku ya kutoka zamu lala hadi saa sita mchana basi, ili usiku ukukute na usingizi.