"Unaweza kujitoa wakati wowote": kosa liko wapi?

"Nimeandika hivyo kwenye fomu ya ridhaa ya washiriki wa utafiti wangu, msimamizi kaizungushia sentensi hiyo duara jekundu. Kwa nini?"

Ndugu, hiyo ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Ukishafuta majina na kuchanganya majibu, humpati tena mtu mmoja umtoe. Andika hivi: "Unaweza kuacha mahojiano hata katikati, bila kutoa sababu. Ukitaka majibu yako yafutwe, tupigie ndani ya siku 14. Baada ya hapo majina yatakuwa yamefutwa, hatutajua yapi ni yako."

Halafu usimalizie na "Umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Muulize: "Ukibadili mawazo wiki ijayo, utafanya nini?" Akisema atakuja kukuomba ruhusa, bado hajaelewa, msomee upya kipengele hicho.