Barua kwa mwanangu: Shikamoo iliyoingia kwenye faili

"Mama, namwandikia baruapepe Mwenyekiti wa Bodi, balozi mstaafu, mtu mzima sana na sijawahi kumwona. Tunamwomba awe mgeni rasmi kwenye mahafali. Nianze na 'Shikamoo', 'Mheshimiwa' au 'Ndugu'? Na mwisho niweke 'Wako mtiifu'?"

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepoa, na kuku wa shangazi yako wamerudia mchicha wangu.

Mimi nina swali moja kwanza: nani ataifungua hiyo baruapepe? Wewe unamwona mzee mwenyewe, kavaa miwani, anasoma polepole. Mimi niliyekaa miaka 31 nje ya milango ya wakubwa najua kuwa anayefungua ni katibu muhtasi wake, huenda binti wa rika lako. Ataichapa kwenye karatasi, masijala wataigonga mhuri wa kupokelewa na kuipa namba ya folio, ndipo iingie kwa bosi ikiwa ndani ya faili. Ukianza na Shikamoo, wa kwanza kuamkiwa ni yule binti, naye hana ubavu wa kuitikia marahaba. Nimewaambieni tangu mko shule: barua ya ofisi huandikiwa kiti, haiandikiwi mtu.

Najua unacheka. "Mama naye na kiti chake." Basi ngoja nikukumbushe kilichonifundisha, maana kaka yako hukisimulia vibaya kila Krismasi.

Ilikuwa 1984, nina miaka 22, ndiyo kwanza nimepewa taipureta yangu. Saruji ilikuwa ya kibali, na sisi tulihitaji mifuko 200 ya zahanati. Bosi akaniandikia rasimu kwa mkono, imeanza "Ndugu Mwenyekiti". Siku hizo hapakuwa na cha ajabu. Tangu Azimio la Arusha la 1967 nchi ilizoea: waziri Ndugu, dereva wake Ndugu. Lakini mimi nilimfikiria yule mwenyekiti, mzee wa umri wa babu yenu, nikaona Ndugu ni ukavu, kama kumpa mgeni maji bila kumkaribisha kiti. Nikapiga kwa mkono wangu: "Shikamoo Mzee,". Bosi akasaini barua kumi na nne kwa pumzi moja, hakusoma hata moja.

Alikuja kusoma ile nakala ya kaboni siku mbili baadaye. Akatoka nayo hadi kwenye benchi la madereva, akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza: "Binti, hapa ni ofisini au ni ukweni?" Madereva walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mwaka mzima waliniita Bi Harusi.

Wiki tatu zikapita, likaja jibu. Mistari mitano tu, yenye kumbukumbu namba na kila kitu, saruji hakuna. Ila pembeni, kwa kalamu ya mkono, mzee alikuwa ameandika: "Marahaba, mwanangu. Poleni." Bosi alipoiona alinyamaza. Akaandika "Hifadhi", akaweka sahihi, akanirudishia faili bila kunitazama.

Sasa hapo ndipo ninapojichanganya mwenyewe. Nilishinda au nilishindwa? Saruji hatukupata, na Ndugu nayo isingetupatia. Lakini hilo "Poleni" asingeliandika kwa Ndugu. Au pengine lile halikuwa furaha, alinihurumia tu kwa kuwa aliona barua imeandikwa na mtoto. Nimelifikiria hilo kwa miaka arobaini, na kila nikilala upande huu jibu liko upande ule.

Nirudi kwako. Shikamoo ina mwenzake, na bila Marahaba inabaki mkono ulionyooshwa hewani. Ndiyo maana inafaa mdomoni, na hata kwenye simu, mtu akiwepo wa kuitikia. Siku ya mahafali mzee akishuka kwenye gari, hapo iseme, tena uiname kidogo. Kwenye maandishi ina hatari nyingine: humjui. Je, kama ni mmoja wa hao wanaopaka nywele dawa na hawataki kukumbushwa umri? Kwa hiyo na "Mzee" liache. Na siku ukimwandikia mwanamke mkubwa, usimwite "Mama" kwenye karatasi. Mama ni mimi.

Baba yako anasema andika Ndugu. Unamjua baba yako na chama chake. Hajakosea sana, kwa sababu Ndugu ina sifa moja nzuri: haimbagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo inakuokoa pale unapojua herufi tu za majina. Kwa katibu mkuu wa wizara bado inakaa vizuri. Ila ukimwandikia mtu wa Nairobi itamfikia kama unamwita kaka, huko tumia Bwana au Bibi.

Huyu wako ana cheo kisichostaafu. Aliyewahi kuwa balozi huitwa Balozi mpaka kaburini. Basi mstari wa kwanza ungeweza kuwa hivi:

Mheshimiwa Balozi,

Halafu koma, ushuke mstari. Jina lake na "Mwenyekiti wa Bodi" viweke juu yake, kama anwani. Tena andika Mheshimiwa lote, usikate ukaandika "Mh." Ukikata, macho yangu yanasoma mtu anayeguna.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" iache. Kwenye karatasi YAH ilikuwa kweli hapo juu; kwenye simu mada imebaki kwenye skrini nyingine. Anza moja kwa moja: "Kwa heshima, naandika kwa niaba ya Mkuu wa Chuo kukuomba uwe mgeni rasmi wa mahafali yetu", kisha tarehe na mahali. Yule binti akipata hayo katika mistari miwili ya mwanzo, ataangalia diari ya bosi kabla hajaichapa.

Mwisho sasa. "Wako mtiifu" ni ya mtumishi kwa mkubwa wake wa kazi, na wewe hujaajiriwa naye. "Wako katika ujenzi wa taifa" ingempendeza, maana hiyo ndiyo lugha ya ujana wake, ila wewe uliyezaliwa 1994 utakuwa umevaa kanzu ya babu. "Natanguliza shukrani" siipendi, inamshukuru mtu kwa jambo ambalo hajakubali. Ingawa nimeipiga mara elfu, na hakuna aliyelalamika. Mimi ningeweka "Nawasilisha kwa heshima," kisha jina lako kamili, cheo, na chini yake "Kny: Mkuu wa Chuo". Namba ya simu usisahau, yule binti atapiga.

Sikuamulii, umri umeshafika. Ukitaka kweli kumwamkia, labda iweke mwishoni kabisa, baada ya kazi, mstari mmoja: "Pokea shikamoo yangu." Hapana, acha. Au weka. Barua ni ya kiti, lakini kwenye kile kiti kuna mtu amekaa, na mimi niliwahi kuandikiwa marahaba.

Nitumie kwanza niione kabla hujaituma. Na lile neno ni "mahafali", juzi uliniandikia "mahafari".

Mama yako