Ankara ya samaki imepita wiki mbili: barua ya kwanza kwa mteja wa siku zote

Wewe uliyeingia majuzi kwenye hesabu za duka linalopeleka samaki mahotelini hapa Malindi, siku moja utaambiwa, "Hoteli fulani haijalipa, hebu waandikie." Hoteli hiyo inanunua kwenu kila wiki, mpishi wake mnamjua, na kesho asubuhi gari lenu litakuwa tena mlangoni kwake. Barua hiyo ina kazi moja: kumwezesha mhasibu wao kulipa bila kulazimika kumuuliza mtu yeyote swali.

Nitakuonyesha kwa mfano mmoja. Ankara Na. 0147 ya tarehe 2 Septemba 2024 ina kilo 60 za changu kwa shilingi 600 na kilo 25 za kamba kwa shilingi 1,400, jumla shilingi 71,000. Makubaliano ni kulipa ndani ya siku 30, kwa hiyo mwisho ulikuwa 2 Oktoba. Leo ni Jumatano, 16 Oktoba, na hakuna kilichoingia.

Usiandike kwanza. Fungua taarifa ya benki na ya M-Pesa tangu siku ya ankara. Kwenye M-Pesa usitafute jina la hoteli peke yake, kwa sababu malipo huja kwa jina la meneja au la mwenye hoteli, na anayepokea hawezi kujua ni ya nani. Tafuta kiasi. Kumdai mteja pesa aliyokwisha kulipa kunamuudhi kuliko kumdai mara kumi asizolipa.

Kisha toa karatasi ya delivari iliyotiwa sahihi na mtu wao wa stoo, uilinganishe na ankara mstari kwa mstari. Hapa ndipo ankara nyingi za samaki hukwama. Katika mfano wetu, mtu wa stoo alikataa kilo 3 za kamba zilizokuwa zimeanza kulainika, akakata 25 kwa kalamu, akaandika 22. Ankara ilikuwa imeshatolewa. Ofisi yenu ikatoa krediti noti ya shilingi 4,200, lakini dereva akaiacha jikoni pamoja na mzigo. Basi mhasibu wa hoteli ana ankara ya 71,000 mkononi na rekodi ya stoo inayosema mali ya 66,800. Hawezi kulipa tarakimu zisizolingana, na hajui kama krediti noti ipo. Anaiweka ankara pembeni akingoja mtu aeleze, na huku kwenu mnasema wametunyamazia.

Sasa unajua deni halisi ni 66,800, unajua pia kwa nini huenda limechelewa, na barua inaweza kuandikwa. Ipeleke kwa mhasibu, maana mpishi huagiza, stoo hupokea, lakini anayepanga malipo ni yeye. Usimpe meneja wake nakala. Katika barua ya kwanza nakala hiyo husomeka kama mashtaka, na mhasibu uliyemshtaki ndiye utakayemhitaji mwezi ujao na ule unaofuata.

Mimi ningeiandika hivi:

"16 Oktoba 2024

Kwa Bi. (jina lake), Mhasibu

Bi. (jina lake), salamu kwako na kwa wenzako hapo ofisini.

KUH: ANKARA NA. 0147, SHILINGI 66,800

Ankara Na. 0147 ya tarehe 2 Septemba ilikuwa ilipwe kufikia tarehe 2 Oktoba, na hadi leo asubuhi hatujaona malipo yake katika akaunti yetu.

Ankara hiyo iliandikwa shilingi 71,000. Kilo 3 za kamba zilirudishwa siku hiyohiyo, nasi tukatoa krediti noti ya shilingi 4,200. Inawezekana krediti noti hiyo haikukufikia. Naambatisha ankara, krediti noti na karatasi ya delivari iliyotiwa sahihi na stoo yenu, ili uone kwamba kinachobaki ni shilingi 66,800.

Tunaomba kiasi hicho kilipwe kufikia Ijumaa, tarehe 25 Oktoba, kwa akaunti ileile iliyo kwenye ankara, na utaje namba 0147. Ikiwa mmekwisha kulipa, tafadhali nitumie namba ya muamala nami nitairekebisha hesabu mara moja. Ikiwa kuna jambo linalowazuia, nipigie, tulimalize pamoja.

Asante kwa biashara yenu.

(Jina, cheo na simu yako)"

Tazama siku niliyoiweka. Ukiandika "haraka iwezekanavyo" hukuomba chochote, kwa sababu hakuna siku atakayoweza kuipanga wala siku utakayoweza kumuuliza. Mwaka huo Mashujaa iliangukia Jumapili, Jumatatu ya tarehe 21 ikawa sikukuu, na benki hazikufanya kazi. Kumwambia alipe tarehe 21 kungekuwa kumpangia siku asiyoiweza. Ijumaa ya tarehe 25 inampa nafasi ya kuandaa malipo na kutafuta sahihi, na hoteli ambazo mwenyewe anaishi nje ya nchi huihitaji nafasi hiyo kwelikweli.

Tazama pia kwamba sikurudia namba ya akaunti bali nimeielekeza kwenye ankara. Matapeli hutuma barua za madai zenye akaunti mpya, na mhasibu makini akiona namba asiyoijua atasimamisha kila kitu. Kama mmebadilisha benki kweli, hiyo ni barua nyingine, na itanguliwe na simu.

Sikuweka riba, kwa kuwa haimo katika makubaliano, wala kitisho cha kusimamisha mzigo. Sikusema kwamba wavuvi wetu wanatungoja. Hata kama ni kweli, inamfanya mteja ajione anaombwa msaada, ilhali hiki ni kitu alichonunua.

Itume kwa barua pepe pamoja na viambatisho vyote vitatu, kisha umpelekee mhasibu ujumbe wa WhatsApp kumwambia ipo. Mpelekee yeye mwenyewe. Usithubutu kuiweka katika kundi ambalo wapishi huandikia oda, kwani kumdai mtu mbele za watu hapa kwetu ni kumvunjia heshima, na mteja aliyelipa kwa aibu hutafuta muuzaji mwingine. Ijumaa mchana usitume wala usipige. Watu wako msikitini, na wengine hawarudi ofisini.

Akijibu "tutalipa wiki ijayo," shukuru, kisha muulize kwa upole ni siku gani, uiandike. Akilipa 40,000, mpe risiti siku hiyohiyo inayoonyesha kwamba salio la ankara 0147 ni shilingi 26,800. Bila risiti hiyo, oda mbili baadaye hakuna atakayekumbuka zile 40,000 zililipia nini.

Tarehe 25 ikipita kimya, piga simu Jumatatu ya tarehe 28, asubuhi, na uliza jambo moja tu: kama karatasi tatu zilifika na kama zinalingana na za stoo. Mara nyingi jibu la kweli hutokea hapo. Akisema zinalingana lakini pesa hakuna, jambo hilo limetoka mikononi mwako. Mpelekee mwenye duka faili yote, yaani ankara, krediti noti, delivari, barua na tarehe ya simu, yeye aamue kama oda zinazofuata zitaendelea kwa mkopo au kwa taslimu.